Shahada ya Mwalimu Aliyebakiza Miaka Saba

Mwalimu wa shule ya msingi aliyetimiza umri wa miaka 53 ana miaka 7 tu mbele ya ubao. Ilikuwa angebakiwa na miaka 2, lakini mwaka 2009 serikali ilisogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, na nyongeza hiyo ndiyo iliyowapa walimu wengi wa rika hilo tamaa ya kurudi shuleni. Mjini Nakuru tamaa hiyo hupaliliwa kila msimu wa likizo. Matangazo ya vyuo huning'inizwa kandokando ya Barabara ya Kenyatta, nayo humwambia kila apitaye kwamba hajachelewa. Hayasemi amewahi kitu gani.

Ninamfahamu mwalimu wa aina hiyo katika sehemu za Molo. Alihitimu cheti cha P1 katikati ya miaka ya 1990, akaajiriwa akiwa na umri wa miaka 24, na tangu hapo hajawahi kuiacha chaki. Amefika daraja la C1 na amekwama hapo. Mwaka huu amepata barua ya kumkubali katika chuo kikuu kimoja ili asomee shahada ya ualimu wakati wa likizo kwa muda wa miaka minne. Barua ameiweka ndani ya Biblia yake, na bado hajalipa hata shilingi moja. Amenikubalia nitumie mambo yake hapa, mradi nisimtaje, na tarakimu zake nimezifanya ziwe za mviringo ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Kwanza tuelewe kilichomsukuma. Mwaka 2023 madarasa ya sekondari msingi yalifunguliwa ndani ya shule za msingi, na vijana wenye shahada wakaletwa kuyafundisha. Katika uwanja ule ule, chini ya mwalimu mkuu yule yule, pakawa na makundi mawili ya walimu. Kijana wa miaka 27 akawa anafundisha upande wa pili wa ua, na baadhi ya wazazi wakaanza kumwita huyo ndiye mwalimu hasa. Rafiki yangu halalamikii mishahara yao, kwani wengi wao waliingia kama vibarua wa mafunzo kwa malipo duni kuliko yake. Linalomuuma ni jingine. "Nimewafundisha baadhi yao kusoma na kuandika," aliniambia, "na sasa katika mkutano wa walimu wananieleza maana ya mtaala." Hilo ni jeraha la heshima, na si haki kulidharau. Lakini jeraha la heshima ni mshauri mbaya wa matumizi ya fedha, na ndiyo maana tuliketi tukaandika hesabu.

Yapo mambo ya zamani yanayowapotosha walimu wa umri wake. Wao walikulia katika utumishi ambamo karatasi ilikuwa na bei inayojulikana. Mwalimu wa P1 aliyejinyima, akasoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba hadi akapata shahada, alipeleka nakala yake kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na akapandishwa hadi daraja la K, lile alilopewa mhitimu wa chuo kikuu. Waliofanya hivyo kabla yake anawajua kwa majina na anaziona nyumba walizojenga. Kwa hiyo akisikia neno shahada, masikio yake husikia daraja la K.

Mlango huo ulifungwa. Mkataba wa malipo wa mwaka 2017 hadi 2021 ulikuja pamoja na miongozo mipya ya kupanda ngazi, na chini ya miongozo hiyo kupata shahada peke yake hakumpandishi mwalimu cheo. Chama cha KNUT kilikwenda mahakamani, na mnamo Julai 2019 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba wanachama wake waendelee kupandishwa kwa utaratibu wa zamani. Ushindi huo uligeuka shubiri. TSC iliutafsiri kwamba wanachama hao basi wasinufaike na nyongeza zilizofungamana na miongozo mipya, na mishahara ikatofautiana kati ya walimu waliokaa meza moja. Wanachama walikihama chama kwa maelfu. Katibu Mkuu, Wilson Sossion, alijiuzulu Juni 2021, na uongozi uliomfuata ukafanya suluhu na mwajiri. Miongozo ikabaki. Waliokuwa katikati ya masomo wakati huo walimaliza, wakapeleka nakala zao, wakajibiwa kwamba zimepokelewa.

Basi leo mwalimu wa msingi hupanda vipi? Aanzaye kazi huingia daraja la B5, na baada ya miaka mitatu ya utumishi wa kuridhisha hufika C1 bila mashindano. Kutoka C1 kwenda C2, cheo cha mwalimu mwandamizi, ni kwa nafasi kutangazwa, maombi kutumwa, na usaili. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu nafasi ni chache kuliko watu. Lakini tazama sharti lenyewe: cheti kinachotakiwa kwa cheo hicho ni kile kile cha P1, pamoja na miaka aliyokaa katika daraja lake na rekodi njema ya kazi. Shahada si sharti. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kuandikishwa chuoni kabla hajalijua jambo hili, naye amekaa C1 muda wa kutosha kuomba nafasi hizo mara kadhaa. Ameomba mara moja tu, miaka mingi iliyopita. Aliposhindwa akahitimisha kwamba kilichompungukia ni karatasi.

Upo mlango mwingine, nao ndio ule wa ng'ambo ya ua. Tangu mwaka 2023 TSC imewahamisha baadhi ya walimu wa msingi wenye shahada hadi sekondari msingi. Habari hii ndiyo inayouza fomu za kujiunga na vyuo. Mwenye kuisoma aisome hadi mwisho, kwani mwalimu huyo hudaiwa pia awe alipata C+ katika mtihani wa KCSE, na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Rafiki yangu aliufanya mtihani huo mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipokuwa miongoni mwa watahiniwa wa awali kabisa wa mfumo wa 8-4-4, kwani KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989. Alipata C-. Alama hiyo ilimtosha kuingia chuo cha ualimu siku zile, wala hakuna aliyemwuliza tena habari zake kwa miaka 30. Vyuo vikuu vina njia za kumpandisha mtu kutoka cheti hadi stashahada na kutoka stashahada hadi shahada, na katika njia hizo C- yake haitamzuia kuvaa joho. Itamzuia baadaye, siku atakapoipeleka shahada hiyo kwa mwajiri aombe kuvuka ua. Chuo na mwajiri wana vipimo viwili tofauti, na karani wa chuo anayepokea karo hana wajibu wa kumweleza mwombaji kipimo cha mwajiri.

Hapa nawasihi walimu wenzangu waanze hesabu zao. Kabla ya kuuliza karo ni kiasi gani, toeni sandukuni ile hati ya KCSE. Mwenye C+ na masomo yake mawili ana jambo la kufikiri. Asiyekuwa nayo anapaswa kujua kwamba anainunua shahada kwa sababu nyingine, na aitaje sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo palipo na jambo ambalo walimu wengi hawalitambui, nalo linaweza kumfaidi hata yule asiyesoma tena. Jambo lenyewe ni pensheni.

Chini ya Sheria ya Pensheni, malipo ya uzeeni ya mwalimu hupatikana kwa kuchukua mshahara wake wa msingi wa mwaka mwishoni mwa utumishi, kuugawa kwa 480, kisha kuzidisha kwa idadi ya miezi aliyotumikia. Marupurupu ya nyumba na usafiri hayamo. Tuseme mshahara wa msingi wa rafiki yangu utakuwa Sh 40,000 kwa mwezi atakapostaafu. Kwa mwaka ni Sh 480,000, na ukigawa kwa 480 unapata Sh 1,000 kwa kila mwezi wa utumishi. Aliajiriwa akiwa na miaka 24, atastaafu akiwa na 60, hiyo ni miaka 36 au miezi 432. Pensheni yake basi ni Sh 432,000 kwa mwaka. Akichagua, kama wafanyavyo karibu wote, kuchukua robo yake kwa mkupuo, robo hiyo ya Sh 108,000 huzidishwa kwa 20, naye hupokea kiinua mgongo cha Sh 2,160,000. Robo tatu zilizobaki humlipa Sh 27,000 kila mwezi.

Sasa mpandishe cheo kimoja. Tuseme mshahara wake wa msingi unafika Sh 46,000 badala ya Sh 40,000. Ukiirudia hesabu ile ile, kila mwezi wa utumishi unapata thamani ya Sh 1,150, pamoja na ile miezi aliyofundisha zamani kwa mshahara wa shilingi elfu chache. Kiinua mgongo kinakuwa Sh 2,484,000, na malipo ya kila mwezi Sh 31,050. Nyongeza ya Sh 6,000 iliyokuja jioni ya utumishi imeongeza Sh 324,000 kwenye mkupuo, na zaidi ya Sh 4,000 kila mwezi hadi kufa. Cheo cha mwisho huirudia nyuma miaka yote 36 na kuipandisha bei.

Kwa hiyo si kweli, kama wanavyosema vijana katika chumba cha walimu, kwamba mtu wa miaka 53 hana haja tena ya kupanda. Kwa jinsi pensheni hii ilivyoundwa, yeye ndiye mwenye haja zaidi. Lakini angalia ni nini kilicholeta faida katika hesabu yetu: ni cheo. Karatasi haimo mahali popote katika kanuni ile. Na cheo kilicho karibu naye, C2, hakiidai shahada.

Nieleze pia kwamba kanuni hii haimhusu kila mwalimu. Tarehe 1 Januari 2021 ulianza mfumo mpya wa pensheni ya watumishi wa umma, ambamo mwajiri na mwajiriwa huchanga kila mwezi, na mwisho hulipwa kilichochangwa pamoja na faida yake. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku hiyo waliingizwa kwa lazima, ilhali waliokuwa na miaka 45 au zaidi waliachiwa uchaguzi. Rafiki yangu alibaki katika ule wa zamani. Jirani yake wa dawati, ambaye sasa hajafikisha 50, yumo katika mpya, na kwake cheo cha mwishoni hakitairudia nyuma miaka aliyochangia, kwa kuwa michango ya mwaka 2021 imekwisha kukatwa kwa mshahara wa mwaka 2021. Walimu hawa wawili hawapaswi kufuata ushauri mmoja, ingawa wanakunywa chai kutoka birika moja. Ajuaye hajui yumo mfumo upi na atazame makato katika hati yake ya mshahara.

Turudi kwenye gharama. Tulipojumlisha karo ya miaka minne, nauli, malazi ya likizo na uchapaji, tulifika Sh 240,000. Fedha hizo hana, hivyo angezikopa katika chama cha akiba na mikopo. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalopungua, mkopo huo kwa miezi 36 ungemtaka alipe karibu Sh 8,000 kila mwezi, na mwishowe angekuwa amelipa kama Sh 287,000. Tatizo la kwanza ni kwamba sheria ya ajira hairuhusu makato yazidi theluthi mbili za mshahara, na hati yake tayari ina mkopo wa nyumba na wa mazishi ya babake. Nafasi iliyobaki katika hati hiyo inautosha mkopo mmoja tu. Na ana binti wa mwisho aliyeingia chuo cha ufundi mwaka huu.

Swali halisi la nyumba yake ni hilo la binti. Mkewe, ambaye hulima viazi na kuuza kwenye soko la Molo, alilisema kabla yetu sote. Hakumkataza mumewe kusoma. Alimwuliza tu ni nani atakayesimamia shamba, kwa sababu likizo ya Aprili huangukia kwenye kupanda, nayo ya mwisho wa mwaka kwenye kuvuna mahindi. Wapangaji wa masomo ya likizo hudhani mwalimu akifunga shule huwa hana kazi. Katika nyanda hizi za juu, kutoka Molo kupitia Elburgon hadi Njoro, mwalimu akifunga shule ndipo anapofungua kazi ya pili inayomlishia familia. Asipokuwapo, atalipa vibarua, na malipo hayo hayakuandikwa katika karatasi ya karo. Sisi tuliyaongeza.

Upande wa mapato, tuseme mambo yote yamemwendea vizuri. Anahitimu akiwa na miaka 57. Tuseme hata, kwa bahati isiyo ya kawaida, anapanda cheo siku hiyo hiyo. Ile Sh 6,000 haiingii mfukoni yote, kwani baada ya kodi, bima ya afya na ushuru wa nyumba hubaki kama Sh 4,000. Kwa miezi 36 hiyo ni Sh 144,000, nusu ya alicholipia mkopo. Pensheni iliyopanda ndiyo ingemfidia. Lakini cheo hicho hicho angeweza kukiomba mwaka huu, akiwa na cheti alicho nacho, bila kulipa chochote ila nauli ya kwenda kwenye usaili. Akikipata akiwa na miaka 54, anafurahia mshahara huo kwa miaka sita badala ya mitatu. Kwa maana hiyo, shahada ingemgharimu miaka minne ya likizo na mkopo mmoja ili imfikishe mahali ambapo mlango ulikuwa wazi tangu awali.

Nilipomwonyesha hesabu hiyo alinyamaza. Kisha akaleta hoja ambayo sikuweza kuipinga. Alisema kwamba usaili alioshindwa ulimtisha, maana aliulizwa maswali ya mtaala wa umilisi naye akajibu kwa lugha ya mtaala wa 8-4-4. Hiyo ni kweli, na ni kasoro inayotibika. Tangu mwaka 2021 vyuo vya ualimu viliacha kuandaa wapya kwa cheti cha P1 na kuanza kufundisha stashahada, na walimu wa P1 wakafunguliwa kozi fupi zaidi ya kujiendeleza hadi kiwango hicho. Mafunzo hayo yanahusu kile anachofundisha kila siku, yaani upimaji wa mwanafunzi darasani, miradi na vitendo. Kama lazima asome, nionavyo mimi hayo yana haki ya kwanza kuliko shahada, kwa kuwa yangemfaa hata bila kupandishwa cheo. Hata hivyo nilimwambia aanze na njia rahisi zaidi: ajifunze maswali ya usaili pamoja na yule kijana wa ng'ambo ya ua. Hakulipenda pendekezo hilo.

Sitaki mtu anielewe kwamba nawakataza wazee kusoma. Mwalimu ambaye watoto wake wameshajitegemea, ambaye hati yake ya mshahara ni safi, na ambaye anataka kuisoma historia au hisabati kwa sababu aliitamani tangu ujana, asome hata akiwa na miaka 59, na asimwulize mwandishi wa gazeti. Huyo ananunua kitu kinachouzwa kweli. Ninayemhurumia ni yule anayeuziwa cheo na chuo kisichokuwa na cheo cha kutoa.

Wala lawama zote si za vyuo. Mwaka 2021 mwajiri mwenyewe aliwatangazia walimu mpango wa mafunzo ya kitaaluma wa Sh 6,000 kwa mwaka, wenye sehemu sita za miaka mitano kila moja. Jumla yake ni miaka 30. Mwalimu aliyebakiza miaka kumi kazini alitakiwa kujiandikisha kama yule aliyeajiriwa jana, na vyama vya walimu viliupinga kwa sababu ya nani angelipa. Wachache waliuliza ni nini ambacho mzee wa kijiji cha Rongai au Subukia angefanya na sehemu ya tatu, akifika huko.

Jambo moja lingewezekana bila gharama kubwa. Ofisi ya TSC ya kaunti ina tarehe ya kuzaliwa ya kila mwalimu, daraja lake, alama zake za KCSE na mfumo wake wa pensheni. Mwalimu aliyevuka miaka 50 akiuliza kama kozi fulani itambadilishia cheo au mshahara, angestahili kujibiwa kwa maandishi, ndiyo au la, kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa karo. Rafiki yangu ameandika barua ya namna hiyo. Pia amejaza maombi ya nafasi za C2 zitakapotangazwa, na karo ya muhula wa kwanza wa binti yake imekwisha kulipwa. Ile barua ya chuo kikuu bado imo ndani ya Biblia, na muda wake unaisha mwisho wa mwezi ujao.